Bando la nondo limechomoka kwenye silingi na bosi anataka yaishe kimyakimya: ripoti iandikwe vipi?

*"Habari injinia. Nipo saiti moja huku Njiro, Arusha, tunapandisha ghorofa ya nne, mi ni forman msaidizi. Jumanne asubuhi kreni ya kukodi ya tani 25 ilikua inapandisha bando la nondo 120 za milimita 16. Lilipofika kama mita sita juu likaanza kuinama upande mmoja, mara likachomoka kwenye silingi likaanguka kwenye mchanga. Hakuna aliyeumia, kijana mmoja tu alikimbia akajikwaa akachubuka goti. Silingi zilikua mikanda miwili ya kijani ya mita nne, imepitishwa chini ya bando, mmoja lebo haisomeki. Kutoka mkanda mpaka mkanda ilikua kama mita tatu. Mpango wa kunyanyua kwenye karatasi haukuwepo. Opereta ana miaka mingi kazini ila cheti alichonacho ni cha foklifti. Bosi anasema silingi ilikua mbovu tuitupe, mpango tuuandike sasa tuweke tarehe ya Jumatatu, na ripoti iseme opereta alizembea basi yaishe. Mimi ndo nimeambiwa niandike. Niandike nini? Na lazima iende OSHA wakati hakuna aliyekufa?"*

Nzuri ndugu yangu, na pole kwa mshtuko. Kabla hatujafika kwenye kuandika, hizo silingi sa hivi ziko wapi? Kama tayari zimetupwa nenda kazitoe huko huko kwenye taka, zote mbili, hata hiyo inayoonekana nzima. Usizioshe, usizikate, usizichome. Ziweke kwenye gunia safi, funga karatasi iliyoandikwa tarehe, saa na "ISITUMIKE", stoo kipa afungie na asaini kwamba amezipokea. Nondo zenyewe kama bado ziko pale kwenye mchanga zipige picha kwanza kabla hazijaguswa, na upime kwa futi kutoka ncha ya bando mpaka pale mikanda ilipokua imekaa, manake hapo ndo jibu lako lilipo na nitakueleza sababu. Kama kuna mtu alirekodi video kwa simu akutumie faili lenyewe, usichukue ile iliyozunguka kwenye magrupu ya wasapu imeshapungua ubora na haionyeshi imechukuliwa saa ngapi.

Na kreni isimame. Hili watu wengi hawalifikirii kabisa, wanaona mzigo ndo ulioanguka kreni haina shida. Kumbuka mzigo wa zaidi ya tani mbili ukiachia ghafla bumu inaruka juu, ilikua imejipinda kidogo kwa uzito sasa inajirudisha kwa nguvu, na waya wa kreni unalegea kwa sekunde moja mbili. Waya ukilegea unaweza kuruka kwenye puli au kujipanga vibaya kwenye dramu, na hutaliona mpaka siku umeweka mzigo mzito ndo unajikata. Kwahiyo mwenye kreni alete mtu wake mwenye ujuzi aangalie waya wote, puli, pini za bumu, silinda ya kunyanyulia bumu na kile kilimi cha usalama cha ndoano, na aandike karatasi kwamba ameangalia. Mafundi kupanda na kutazama kwa chini chini hiyo sio ukaguzi.

Sasa twende kwenye chanzo, manake hapa mimi na bosi wako hatukubaliani. Silingi mbovu inakatika. Nyie hamjasema imekatika, umesema bando liliinama halafu likachomoka, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa na ripoti isivichanganye. Mzigo unaoteleza mara nyingi silingi yake inabaki nzima mikononi mwenu, kilichokosewa ni namna ilivyofungwa.

Tupige hesabu kidogo tu. Uzito wa nondo kwa mita unaupata kwa kuchukua kipenyo mara kipenyo gawanya kwa 162, mafundi wengi wanaijua hii. 16 mara 16 ni 256, gawanya kwa 162 unapata kilo 1.58. Nondo ya mita 12 ni kama kilo 19, mara 120 bando lenu lilikua karibu kilo 2,280. Sawa. Mikanda ilikua ya mita nne, imepita chini ya bando kama kikapu na macho yote manne yamepanda kwenye ndoano moja. Ukitoa kipande kilichozunguka chini ya bando, kila mkono umebaki na kama mita 1.85 kufika kwenye ndoano. Na mikanda imeachana mita tatu, yani kila mmoja uko mita moja na nusu kutoka katikati. Chora hiyo pembetatu kwenye karatasi utaona ndoano imekaa juu ya bando kwa mita 1.1 tu. Mikanda imelala, haijasimama, imelala nyuzi kama 54 kutoka kwenye wima.

Mkanda uliolala hivyo kazi yake ya kwanza sio kunyanyua tena, ni kuvuta kuelekea katikati. Kila upande ulikua unabeba uzito wa tani 1.14, na kwa pembe hiyo mvuto wa kwenda katikati ni kama tani 1.57, yani mkanda unavutwa pembeni kwa nguvu kubwa kuliko inavyokandamizwa na uzito wenyewe. Poliesta juu ya chuma haishiki hivyo hata siku moja, hata kikiwa kikavu, na huku Arusha asubuhi za baridi nondo zinakua na umande na lile vumbi letu jekundu linageuka utelezi. Kilichoishikilia mpaka mita sita ni zile mbavu za nondo na waya za kufungia bando. Waya moja ikakatika, mkanda mmoja ukasogea ndani, bando likapoteza mizani likainama, na likishainama nondo zinajichomoa zenyewe kwenye kikapu, manake kikapu hakijakaba kitu, kimebeba tu kwa chini.

Ukitaka kujua kama ninachosema ndicho kilichotokea kwenu, nenda kwenye nondo na silingi uangalie kwa karibu. Mkanda unaoteleza unaacha alama, kwenye nondo utakuta mstari wa rangi ya kijani au sehemu iliyofutika kutu na vumbi, unaanzia pale mkanda ulipofungwa unaelekea katikati. Pima huo mstari una urefu gani. Na kwenye mkanda, upande uliogusa nondo, pitisha kidole: sehemu iliyosuguana kwa kasi inakua ngumu na inang'aa kama plastiki iliyoyeyuka. Ukikuta hivyo basi mkanda uliteleza. Ukikuta nyuzi zimekatika na kuchanika mpaka nje, au jicho limefunguka mshono, basi nimekosea na bosi yuko sahihi, silingi ndo iliachia. Andika unachokiona, sio ninachokwambia mimi wala anachotaka bosi.

Kuhusu hali ya silingi sasa. Watu wanasema "ni ya kijani basi ni tani 2", na ni kweli kwenye mikanda inayofuata viwango vya Ulaya zambarau ni tani 1, kijani 2, njano 3, lakini rangi haithibitishi kitu, kuna mikanda inauzwa yenye rangi yoyote. Kinachothibitisha ni lebo, ile yenye uzito unaoruhusiwa, aina ya kitambaa, mtengenezaji na namba yake. Lebo ya bluu maana yake ni poliesta. Lebo ikitoka au isiposomeka mkanda unatolewa kazini siku hiyo hiyo hata kama unaonekana mpya, hapo hakuna mjadala. Vivyo hivyo ukiwa umekatwa pembeni, mshono umefumuka, umeungua, au mtu ameupiga fundo kuufupisha. Kwahiyo ule mmoja wenu haukutakiwa kuwepo kwenye ndoano. Ila angalia hesabu, kwa ile pembe kila mkono ulikua unabeba kama tani 1, kwa mkanda wa tani 2 hiyo sio kuzidiwa. Ndo maana nakwambia kwenye ripoti lebo isiyosomeka iandikwe kama upungufu uliogundulika, isiandikwe kama chanzo. Hivyo viwili vikichanganywa mtanunua silingi mpya, mtazifunga vilevile kikapu, na bando litachomoka tena kwenye silingi mpya yenye lebo safi.

Andika pia silingi zilinunuliwa lini kama risiti ipo, na mara ya mwisho zilikaguliwa lini na nani. Waingereza kwenye kanuni zao za mwaka 1998 wameweka vifaa vya kufungia mzigo vikaguliwe na mtu mwenye ujuzi kila miezi 6, na kampuni nyingi za kreni zinafuata hivyo hivyo, lakini huo ni mbali na kuangaliwa na riga, yule anayefunga mzigo, kila asubuhi kabla ya kufunga. Kama hakuna daftari la ukaguzi, andika hakuna.

Hapo tunafika kwenye mpango wa kunyanyua na ile tarehe ya Jumatatu. Usifanye. Najua umeambiwa na mkubwa wako na njaa inajulikana, ila sikiliza, ukitengeneza karatasi yenye tarehe ya uongo aliyeiandika ni wewe na saini ni yako, bosi atasema aliletewa tu. Faili la kompyuta lina tarehe yake ndani, opereta anajua hakuonyeshwa karatasi, riga anajua, na mkaguzi swali lake la kwanza kwa opereta ni "mpango uliuona saa ngapi?" Mpaka hapo ilikua ni upungufu wa kawaida ambao saiti nyingi wanao, ukishaweka tarehe ya uongo imekua kughushi. Andika sentensi moja, "Hakukuwa na mpango wa maandishi wa kunyanyua kwa kazi hii, maelekezo yalitolewa kwa mdomo na fulani saa fulani." Halafu mpango muuandike leo, uwe na tarehe ya leo, na juu yake muandike kwamba umeandaliwa baada ya tukio. Huo hauna aibu yoyote, ndo kitu ambacho mkaguzi anataka kukiona.

Kuna mtu atakwambia kreni ni ya tani 25 mzigo ni tani mbili na kidogo, mpango wa nini. Hiyo tani 25 ni bumu ikiwa fupi kabisa na mzigo uko karibu kabisa na kreni, ukifungua bumu kufika ghorofa ya nne na kusogea mita kumi na kitu uwezo unashuka sana, unaousoma kwenye chati iliyobandikwa kwenye kibanda cha opereta, na unajumlisha uzito wa ndoano na silingi pia. Kwa bando kama lenu mpango ni ukurasa mmoja tu: mzigo una uzito gani na umeupataje, kreni imekaa wapi na uwezo wake kwa umbali ule ni kiasi gani, silingi ipi imefungwa vipi na pembe gani, mzigo unapita juu ya nini, nani anatoa ishara, na nani anazuia watu wasipite. Angalia vizuri hapo kwenye unapita juu ya nini. Nyie bando limeangukia kwenye mchanga. Kama njia ya kreni ilikua inapita juu ya geti au kibanda cha mama lishe, liandike hilo hata kama halikutokea kitu, litajwe kwa jina lake.

Cheti cha opereta nacho tukiweke mahali pake. Leseni ya udereva inamruhusu kuendesha ile gari ya kreni barabarani. Cheti cha mafunzo ya mtambo, cha VETA au chuo kama ICoT cha Morogoro, kinaonyesha amefundishwa mtambo gani, na foklifti sio kreni, haina chati ya umbali, haina bumu, haina mzigo unaoning'inia. Halafu kuna kibali cha mwajiri wake kwamba fulani ameruhusiwa kuendesha kreni hii. Omba nakala za vyote vitatu kwa mwenye kreni, na omba na cheti cha ukaguzi wa kreni yenyewe, manake mkikodi kreni mnakodi na makaratasi yake. Kisichokuwepo kiandike hakikuletwa, na tarehe uliyoomba.

Ila kusema "opereta alizembea" sio haki, na kiufundi pia sio kweli kwa nilichokisoma. Nani alifunga bando? Nani aliamua mikanda ya mita nne kwenye nondo za mita kumi na mbili? Nani alitoa ishara ya kupandisha? Opereta amekaa kibandani, mfungo hauoni vizuri, anamtegemea riga na mtoa ishara, na nina shaka kama hao wawili kuna hata mmoja ana cheti cha kufunga mizigo, hilo hukuniambia na ndilo swali lenye uzito kuliko la foklifti. Opereta ana haki na wajibu wa kukataa mzigo ukiwa umefungwa hovyo, hapo ana sehemu yake, na kampuni iliyomleta bila cheti cha kreni ina sehemu yake, na saiti iliyompokea bila kuuliza nayo pia. Akifukuzwa yeye peke yake mtaleta mwingine mwenye cheti kizuri, riga atamfungia kikapu kilekile.

Maelezo ya watu yachukue leo, kila mtu peke yake, opereta, riga, mtoa ishara, na yule kijana aliyeanguka. Usiwakalishe pamoja manake mwenye sauti kubwa ndo atatunga hadithi na wengine watafuata. Aandike kwa maneno yake mwenyewe, asiyejua kuandika vizuri umwandikie kisha umsomee asaini. Waulize walichokiona tu, usiwaulize nani mkosaji. Na yule kijana muulize goti linaendeleaje.

Sasa ripoti yenyewe. Lugha iwe ya kawaida, sentensi fupi, ukweli kwanza na sababu baadaye. Nikuandikie mfano wa sehemu ya katikati, ujaze saa na majina ya kwenu:

*"Jumanne, saa … asubuhi, kreni ya kukodi (namba …) ilikuwa inapandisha bando la nondo 120 za mm 16, urefu wa mita 12, uzito uliokokotolewa kilo 2,280. Bando lilifungwa kwa mikanda miwili ya kijani ya mita 4, mfungo wa kikapu, mikanda ikiwa umbali wa takriban mita 3. Aliyefunga ni …, aliyetoa ishara ni …, opereta ni …. Lilipofika takriban mita 6 lilianza kuinama upande wa …, likateleza na kuangukia lundo la mchanga upande wa …. Mfanyakazi mmoja, …, alianguka wakati akikimbia na kuchubuka goti, alipewa huduma ya kwanza. Alama za msuguano zimeonekana kwenye nondo kutoka sehemu ya mkanda kuelekea katikati, urefu sentimita … (picha namba …). Mikanda yote miwili haikukatika. Chanzo kinachoonekana: pembe kubwa ya mikanda na mfungo usiokaba mzigo."*

Sentensi ya mikanda kutokukatika na ile ya alama utaziacha tu kama ndivyo ulivyokuta. Chini yake ndo unaweka kichwa kingine, mapungufu mengine yaliyobainika, na hapo unaandika lebo isiyosomeka, mpango wa maandishi kutokuwepo, cheti cha foklifti, cheti cha riga kama hakipo, na eneo la chini kama halikufungwa. Kisha hatua zilizochukuliwa: silingi zimefungiwa stoo, kreni imesimamishwa kusubiri ukaguzi, na kadhalika, kila moja na jina la mhusika na tarehe. Umeona ile sehemu ya goti? Usiandike "hakuna aliyeumia". Ameumia, kidogo, iandikwe hivyo. Kesho goti likivimba akakosa kazi wiki nzima na ripoti yako inasema hakuna aliyeumia, kijana atahangaika kudai haki yake kwenye mfuko wa fidia, WCF, na wewe utaonekana uliandika uongo. Mpeleke zahanati leo, cheti cha daktari kikae kwenye faili.

Kuhusu OSHA. Ile dhana ya kwamba wanaitwa mtu akifa tu, achana nayo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, mwenye wajibu wa kutoa taarifa ni mwajiri, sio wewe binafsi, na mzigo wa tani mbili kuanguka kutoka angani kwenye saiti yenye watu, na mtu akaumia hata kidogo, sio kitu cha kukikalia. Ofisi ya Kanda ya Kaskazini iko hapohapo Arusha, hamhitaji hata nauli ya basi. Mwambie bosi apige simu leo kisha apeleke barua na nakala ya ripoti, wao watawaambia kama wanakuja saiti na fomu gani mjaze. Mshauri pia apitie vyeti vya usajili wa saiti kabla hawajafika, hilo atakushukuru. Akikataa kabisa, wewe ripoti yako ipeleke kwake kwa maandishi, apokee kwa saini au umtumie kwa barua pepe, na ubaki na nakala, ili ijulikane ulitimiza sehemu yako na lini. Mwakilishi wa usalama wa wafanyakazi kama mnaye mpe nakala pia. Na ukilazimishwa kusaini tarehe ya uongo, hapo usiendelee kuniuliza mimi, nenda mwenyewe ofisi ya OSHA uongee na mkaguzi ana kwa ana.

Bosi akisema mbona unamletea matatizo, mwonyeshe ile pembetatu. Waajiri wengi ninaokutana nao hawachukii ukweli, wanachukia gharama wasiyoielewa, na hapa marekebisho ni rahisi mno. Chaguo la kwanza ni silingi ndefu zenye mfungo wa kukaba. Chukua za mita 6, zizungushe bando mara mbili kisha pitisha jicho moja ndani ya lingine likabe, na zikae mita 4 kutoka kila ncha, yani mita 4 kati yake. Hapo ndoano inapanda mpaka mita 4 na robo juu ya bando, mikanda inasimama vizuri nyuzi 25 tu, na yale mazunguko mawili yanazibana nondo badala ya kuzibeba. Lakini angalia, mfungo wa kukaba unapunguza uwezo wa mkanda kwa asilimia 20, na kwa jedwali la watengenezaji mikanda miwili ya tani 2 ikifungwa hivyo inaruhusiwa kilo 2,240, bando lenu ni 2,280. Imepelea kidogo tu lakini imepelea. Kwahiyo ama mtumie za tani 3, za njano, ama mpunguze nondo ziwe 100 kwa safari. Mimi mwenyewe kwenye nondo napendelea mnyororo wenye lebo yake, manake mbavu za nondo zinakula mikanda, na mkitumia mikanda muweke kinga pale inapogusa.

Shida ya chaguo hili ni kimo. Ndoano ikipanda mita 4 juu ya bando, bumu nayo lazima iwe ndefu zaidi kufika ghorofa ya nne, na bumu ikirefuka uwezo unashuka, inabidi usome chati upya. Ikigoma, kuna boriti ya kutandaza, chuma kinachoning'inia kwenye ndoano na silingi zinashuka wima kutoka kwenye ncha zake, mvuto wa kwenda katikati unaisha kabisa. Ila isiwe imechomelewa na fundi geti wa mtaani, iwe na uzito unaoruhusiwa umeandikwa juu yake na cheti cha kupimwa. Kampuni za kreni hapo mjini zinakodisha, ulizeni.

Na siku mtakayorudi kazini, bando la kwanza mlinyanyue sentimita 30 tu kutoka chini, msimamishe, watu wakae mbali, riga alitazame kwa ubavu kama limelala sawa na mkanda haujasogea kutoka kwenye alama ya chaki mliyoiweka kwenye nondo. Ukisogea hata upana wa vidole viwili, mshushe mfunge upya.